Wosia wa asiyejua kusoma: dole gumba peke yake halitoshi

Mzee mmoja wa Same alikuja ofisini kwangu na karatasi ya ukurasa mmoja. Chini kulikuwa na doa jeusi la wino na majina mawili ya mashahidi. "Wakili, wosia wangu huu. Nitunzie." Nikamuuliza wosia unasema nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana aliyeandika ndiye anayejua."

Hapo ndipo penye tatizo. Alama ya kidole inathibitisha kwamba kidole ni chake. Haithibitishi kwamba alijua kilichoandikwa juu yake, na mzee akishafariki, hilo ndilo ndugu watakaloligombania mahakamani.

Mzee huyu mambo yake yanafuata mila za ukoo, kwa hiyo tulifuata kanuni za wosia zilizomo katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne: wawili wa ukoo na wawili watu baki. Na mashahidi hao wenyewe lazima wawe wanajua kusoma na kuandika. Karatasi ya mzee ilikuwa na wawili tu, tena mmoja alikuwa mwanawe aliyepewa shamba. Tukaanza upya. (Asiyefuata mila, Mwislamu au Mkristo, ana taratibu zake, usichukue hesabu hii ukampelekea.)

Kupata watu baki wawili ni rahisi. Wa ukoo ndio walitusumbua, maana wazee aliowaamini nao hawasomi. Mwishowe tulipata watoto wawili wa baba yake mdogo, wote walimu wastaafu, wasiorithi chochote. Mkewe naye alikuwepo akashuhudia, kwa sababu kanuni zinataka mke aliye nyumbani wakati huo ashuhudie pamoja na hao wanne.

Kabla ya kuandika nilizungumza na mzee peke yake, watoto wakiwa nje. Kiswahili anakisikia, lakini mambo ya mashamba anayafikiri kwa Kipare. Basi siku ya kusoma nilikuwa na mkalimani ambaye si mrithi. Nilisoma aya moja, ikafasiriwa, nikasimama. Sikumuuliza "umeelewa?", kwa sababu mzee akiulizwa hivyo mbele ya watu atajibu ndiyo hata kama hajaelewa. Nilimwambia, "Baba, niambie wewe, hili shamba linakwenda kwa nani?"

Aya ya tatu ikatuumbua. Niliandika "shamba la bondeni" kwa binti mkubwa. Mzee akatikisa kichwa: ana mashamba mawili bondeni, na la binti ni lile lenye mfereji. Kosa lilikuwa langu. Sikukata neno kwa kalamu, maana masahihisho juu ya wosia wa mtu asiyesoma huzaa maswali: nani alikata, lini? Nilichapa upya, nikasoma tena tangu neno la kwanza.

Ndipo ikaja zamu ya kidole. Kanuni zinataka gumba la kulia. Gumba la mkulima limesuguliwa na jembe miaka mingi, na wino ukizidi unapata doa kama lile alilokuja nalo, lisiloweza kulinganishwa na chochote. Mwoshe mkono kwa sabuni, ukauke kabisa. Wino uwe mwepesi. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya pembeni mpaka mistari ionekane, kisha uviringishe kidole mara moja tu, kutoka ukingo mmoja wa kucha hadi wa pili, bila kurudi nyuma. Mzee aliweka kidole kwenye kila ukurasa, ili usije ukachomolewa mmoja ukapachikwa mwingine. Pembeni ya kila alama niliandika kwamba ni gumba la kulia la fulani. Wote wanne walikuwa chumbani wakiangalia, wakatia sahihi papo hapo. Shahidi anayeletewa karatasi nyumbani kesho yake hakushuhudia kitu, na akihojiwa kizimbani itajulikana.

Chini ya sahihi tuliweka uthibitisho huu:

"Nathibitisha kwamba nimemsomea mwenye wosia maneno yote ya wosia huu, aya kwa aya, kwa Kiswahili, na mkalimani aliyetajwa hapa chini amemfasiria kwa Kipare. Mwenye wosia ameeleza kwa maneno yake mwenyewe nani anapata nini, akasema ndivyo anavyotaka. Baada ya hapo ameweka dole gumba la mkono wa kulia mbele yangu na mbele ya mashahidi wote wanne."

Nikatia sahihi, jina, tarehe na mahali, na mkalimani naye akatia yake. Maneno "ameeleza kwa maneno yake mwenyewe" usiyaandike kama hakueleza. Nami nilihifadhi kwenye faili maelezo ya siku hiyo, pamoja na lile kosa la mfereji na jinsi mzee alivyolikamata. Siku mtu akidai baba hakujua alichotia kidole, hakimu ataonyeshwa ukurasa huo.

Wosia wenyewe mzee aliupeleka RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kuuhifadhi. Ile karatasi ya zamani aliichana mwenyewe, mbele ya mkewe.