Limeriki kabla ya Lear

"Si mshairi Mwingereza Edward Lear ndiye aliyebuni limeriki, shairi la kuchekesha la mistari mitano?"

Hapana. Kitabu chake cha vichekesho kilitoka London mwaka 1846, lakini vitabu vya watoto vyenye umbo hilohilo vilikuwa vikiuzwa Uingereza tangu miaka ya 1820. Yeye alilipa umbo hilo umaarufu.

Cha ajabu, ndiye aliyeutumia vibaya mstari wa mwisho, kwa kipimo cha leo. Limeriki ina mistari mitano: wa kwanza, wa pili na wa tano hushirikiana kina, wa tatu na wa nne ni mifupi, nayo ina kina chake. Katika shairi la Lear kuhusu mzee ambaye ndege wamejenga viota ndevuni mwake, neno "ndevu" linafunga mstari wa kwanza na wa mwisho pia. Unarudi ulikoanzia. Kinachochekesha ni picha, si mwisho.

Waliomfuata waliuacha mstari wa tano ulete jambo jipya. Nimejaribu hii:

Mzee mmoja wa Tanga
Kavunja jino kwa karanga;
Kalia alfajiri,
Mkewe, kwa siri:
"Nyamaza, wateja waja, mganga!"

Sikio limeshangoja "-nga" tangu mstari wa pili, na mistari mifupi imeichelewesha. Kina kinapotimia, ndipo tunapojua aliyelia ni nani. Andika "mganga mmoja wa Tanga" mwanzoni, umalizie kwa "ole wake mzee wa Tanga": vina vyote vipo, kicheko hakipo.