Saba ya Pentakli: kwa nini mkulima huyu amesimama?

"Uchumba wetu una mwaka wa pili sasa. Nimechagua karata za taroti mara mbili na mara zote imetoka Saba ya Pentakli. Kila anayeisoma ananiambia nisubiri. Kwa nini karata hii ni ya subira, wakati mimi sioni chochote kinachoota?"

Itazame picha kwanza, kabla ya maana yoyote. Kijana ameegemea mpini wa jembe lake, macho yametulia kwenye kichaka kilicho mbele yake. Kwenye majani zimeshika sarafu sita, kila moja imechorwa nyota ya pembe tano, na ya saba iko chini, karibu na miguu yake. Halimi wala havuni. Subira yote inayozungumzwa na wasomaji wa taroti imetoka kwenye mkao wa huyu kijana.

Picha hiyo ilichorwa na Pamela Colman Smith, kwa seti aliyoibuni Arthur Edward Waite, iliyotolewa London mwaka 1909. Kabla ya hapo, kwenye seti nyingi za Ulaya, karata hii ilionyesha sarafu saba tu zimepangwa, basi, kama karata za kuchezea zinavyopangwa alama zake. Na kwa kweli ni ndugu. Majina yetu ya uru, kopa, shupaza na pau yametoka kwa Wareno, na kwao yalikuwa dhahabu, vikombe, mapanga na magongo, yaani makundi yaleyale manne ya taroti. Anayecheza karata barazani na kutupa saba ya uru ameitupa Saba ya Pentakli bila kujua, maana uru ndiyo kundi la sarafu.

Jambo linalonivutia ni kwamba Waite mwenyewe, alipoandika kitabu cha kueleza karata hizi, hakutaja mapenzi hapa. Alikiri kwamba maana zake zinapingana, akasema kwa jumla ni karata ya fedha na biashara. Lakini yeye na Smith walikuwa wamepitia chama cha siri cha London kilichoitwa Alfajiri ya Dhahabu, na huko karata hii ilikuwa na jina lake: mafanikio yasiyotimia. Waliiweka chini ya Zohali, sayari iendayo polepole, inayomaliza mzunguko wake kwa miaka 29 hivi, ikiwa kwenye buruji ya Ng'ombe, ambayo ni ya ardhi. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata kazi ya shamba inayochelewa. Smith akaichora hivyo. Ndiyo maana pia ukikutana na seti aliyoichora Frieda Harris kwa maelekezo ya Aleister Crowley, ambaye naye alipitia chama hicho, karata hiyohiyo imeandikwa "Kushindwa", na msomaji wake atakupa jibu kali zaidi. Muulize kwanza anasoma seti ipi.

Sasa nirudi kwa huyo kijana, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona mtu ametulia, wanakimbilia "subira huvuta heri" na kufunga mazungumzo. Mtu anayesubiri tu angekaa kivulini. Huyu amesimama shambani, jembe mkononi, anakagua. Karata inauliza kama kazi iliyokwisha kufanyika inazaa, na kama inafaa kuendelea kulima palepale.

Fikiria muhogo. Majani yake hayakwambii mengi kuhusu kilicho chini, na ukiung'oa ili kuchungulia umeumaliza. Lakini mkulima hakai gizani: huinama, akatazama udongo shinani. Mizizi inaponenepa, udongo hupasuka. Miezi ikipita na nyufa hazionekani, naye anaanza kuwa na mashaka. Uchumba wa polepole unasomwa vivyo hivyo, kwa nyufa ndogo, na nyufa zenyewe zinatajika moja moja.

Nikupe mfano. Dada mmoja, mwalimu wa Tanga, mchumba wake yuko Mwanza, alichagua karata tatu: alichowekeza, hali ilivyo, na kilicho chini ya udongo. Zikatoka Sita ya Pentakli, Saba ya Pentakli na Mpanda Farasi wa Pentakli.

Kwenye Sita kuna tajiri ameshika mizani, anawadondoshea sarafu watu wawili waliopiga magoti. Nilimuuliza ni nani mwenye mizani kati yao. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi ndiye ninayepanda basi." Kwa miaka miwili alikuwa amekwenda Mwanza mara nne. Mwenzake alikuja Tanga mara moja, kwenye msiba. Kwa hiyo Saba iliyofuata haikuweza kusomwa kama "ongeza subira". Sehemu kubwa ya kilimo ilikuwa ya mikono yake peke yake.

Nikamwonyesha sarafu iliyo chini, ile ya miguuni. Wasomaji wengi huichukua kuwa tunda la kwanza, kitu ambacho tayari kimeshafika mkononi. Je, yeye anacho? Alifikiri, akasema shangazi wa yule kijana humpigia kila Ijumaa kumjulia hali mama yake. Hakuwa ameombwa afanye hivyo. Huo ni ufa kwenye udongo, na alikuwa akiupita bila kuuona kwa sababu macho yake yalikuwa yanatafuta barua ya posa.

Karata ya tatu ndiyo ilinipa moyo. Kati ya wapanda farasi wanne wa taroti, huyu wa Pentakli ndiye pekee ambaye farasi wake amesimama kabisa. Ila nyuma yake shamba limelimwa, matuta yanaonekana. Ni mtu wa kazi isiyo na kelele. Ingetoka Nne ya Vikombe mahali pale, kijana amekaa chini ya mti, mikono ameikunja, hata kikombe anachonyooshewa hakitazami, ningemwambia jambo jingine kabisa: huyo hakawii, hataki.

Na Saba ikitoka kichwa chini, Waite aliandika onyo moja tu: wasiwasi kuhusu fedha unayofikiria kumkopesha mtu. Watu huliruka kwa kuona halihusu mapenzi. Mimi siliruki. Mchumba anayechelewa huku akikopa anahitaji kupimwa kwa kipimo hicho kabla ya kingine chochote.

Karata haina tarehe, wala haiingii moyoni mwa mtu. Kwa hiyo tulikubaliana apime kama mkulima. Angemuuliza mwenzake swali moja wazi, lini atakuja nyumbani kujitambulisha, na kwa miezi mitatu asipande basi. Simu angepokea, salamu angetoa, ila safari angemwachia mwenzake, ionekane kama shamba lina mikono mingine.

Mwezi wa pili yule kijana alishuka stendi ya Tanga asubuhi. Hakuja na mshenga. Alikuwa na begi dogo na furushi la dagaa wa ziwani kwa ajili ya mama. Dada alinipigia jioni, sauti chini, akaniuliza kama hiyo nayo ni sarafu. Nikamwambia aihesabu, na amuulize tena lile swali la tarehe kabla basi la kurudi halijaondoka.