"Nyumbani yangu" haiko sawa, wacheni kuipitisha

Kuna mtu anajifunza Kiswahili aliandika "niko katika nyumbani yangu" akauliza kama iko sawa, na watu wa hapa Nairobi, tena waliosoma Kiswahili mpaka fomu foo, wakamjibu eti iko poa, tumekuelewa. Kuelewa tumeelewa, lakini hiyo sentensi ina makosa mawili.

Hii -ni ni kiambishi cha mahali, unaibandika mwisho wa nomino ya kawaida, soko inakuwa sokoni, shule inakuwa shuleni, imeisha. Majina ya miji hayaitaki, hakuna Nairobini, na mitaa kama Kilimani na Ziwani tayari inayo ndani ya jina. Hapo kwa "katika nyumbani" shida ni kwamba -ni ishafanya kazi ya katika, kwa hivyo moja itoke.

Kosa la pili ndio hunimaliza. Nyumba ikiwa peke yake iko ngeli ya I-ZI, nyumba yangu imejaa moshi, sawa kabisa. Lakini ukishaibandika -ni inahama ngeli, inaingia PA-KU-MU, na kila kitu kinachoifuata lazima kihame nayo: nyumbani mwangu mmejaa moshi. Sio yangu, sio imejaa. Pa ni pale penyewe unapoweza kuonyesha kwa kidole, mlangoni pangu, ku ni upande huo kwa jumla, shuleni kwetu, na mu ni ndani, chumbani mwake.

Na hizi pa, ku, mu hazikuokotwa tu. Lugha nyingi za Kibantu bado zinaziweka mbele ya nomino, msikie Mluhya akisema munzu, yaani ndani ya nyumba. Kiswahili kiliziacha hapo mbele kikabaki na -ni huku nyuma, (Wakikuyu pia wana yao, nyũmba-inĩ, na kuna wanaisimu wanaosema asili ya hii -ni ni neno ini, hilo hilo ini la tumboni), lakini kwa maneno yanayofuata nomino pa, ku na mu ziko mpaka leo. Ndio maana "yangu" inagongana na "nyumbani", ni ngeli mbili tofauti.

Kwanza ukitaka kuweka sifa kama kubwa ndio utaona vizuri, "sokoni kubwa" inakwama mdomoni, inabidi urudi kwa "katika soko kubwa".

Kwa hivyo huyo mwanafunzi angeambiwa hivi: andika "niko nyumbani kwangu" ama "niko katika nyumba yangu", zote ni sahihi ila hazisemi kitu kimoja, ya kwanza hata ukiwa umekaa nje kwa geti unaota jua bado ni kweli, ya pili lazima uwe umeingia ndani.