Kifungu cha fidia: namna ya kumuuliza afisa mikataba kabla ya saini

Kifungu cha 14 kilikuwa na mistari mitatu tu. Rasimu ilitoka kwa shirika moja la misaada, na kazi ilikuwa kupeleka unga wa mahindi kutoka ghala la shirika hapa Kampala hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Mteja wangu ni mama mwenye malori ambaye wote tunamwita Hajati. Bei aliiona, ratiba aliiona, akaridhika. Aliniletea rasimu niipitie kabla hajatia saini, maana kusoma mikataba ya wasafirishaji na wazabuni wadogo ndiyo kazi yangu.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Kwa Kiswahili kifungu kile kinasema hivi: “Msafirishaji atalifidia Shirika na kulikinga dhidi ya madai, hasara, uharibifu na gharama zozote zitakazotokana na Huduma au kuhusiana nazo kwa namna yoyote.”

Kisome tena polepole, uangalie kilichokosekana. Hakuna neno kosa wala uzembe. Hakuna kiwango cha juu cha pesa. Na yale maneno “kuhusiana nazo kwa namna yoyote” yanaingiza hata hasara iliyoletwa na watu ambao msafirishaji hawaamuru, wakiwemo wafanyakazi wa shirika lenyewe. Wengi hudhani mahakama haitamtoza mtu kwa kosa la mwingine. Lakini ahadi ya fidia ni kitu tofauti na kulipa kwa sababu umekosea: sheria inakuruhusu kuahidi kubeba hasara iliyosababishwa na mtu mwingine, na ukishaahidi kwa maandishi, utaulizwa kwa nini hutimizi.

Kabla ya kuandika swali lolote huwa nahesabu, kwa sababu bila hesabu swali linakuwa malalamiko. Kila safari ilikuwa ya shilingi milioni 4, safari 20, yaani mkataba wa shilingi milioni 80. Lori moja lilibeba tani 25 za unga. Kwa bei ya shilingi 2,400 kwa kilo, mzigo huo ni shilingi milioni 60. Kwa hiyo lori moja likipotea, malipo ya safari 15 yamekwenda, na hapo hujatoa dizeli, dereva wala matairi. Bima ya mizigo ya Hajati ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 40 kwa tukio moja.

Kwenye bima kuna jambo jingine ambalo wasafirishaji wengi hawalijui. Bima nyingi za dhima, yaani zile zinazolipa hasara unayodaiwa na wengine, huwa na sharti kwamba hazilipi dhima uliyojitwika kwa mkataba, kama usingekuwa nayo bila huo mkataba. Ukikubali kubeba makosa ya wapakiaji wa ghala la mteja, kampuni ya bima inaweza kukuambia kwamba hilo ulijitakia mwenyewe. Kifungu kipana hakiongezi deni tu, kinaweza kukutoa nje ya bima uliyoilipia. Ndiyo maana nilimwomba Hajati karatasi zake za bima kwanza, nikazisoma pamoja na rasimu.

Sasa swali. Ukimwandikia afisa mikataba, “Kifungu cha 14 kinatutia wasiwasi, tafadhali kifafanue,” atakujibu kwamba hicho ni kifungu cha kawaida kilichomo katika mikataba yao yote. Hatakuwa amekudanganya, ila hutakuwa umejua lolote. Ukimwandikia “kiondoeni,” atakipeleka kwa wanasheria wao, nao watakataa, kwa sababu kazi yao ni kulilinda shirika. Kinachomsaidia afisa ni tukio. Mpe jambo linaloweza kutokea barabarani, umuulize nani atalipa chini ya kifungu kama kilivyoandikwa. Hapo analazimika kukisoma upya, na mara nyingi anaona mwenyewe kwamba kimevuka kile walichokusudia.

Barua pepe yetu, nikiiweka kwa Kiswahili, ilikuwa hivi:

“Habari za kazi, Bwana. Tunashukuru kwa rasimu. Bei na ratiba tumezikubali, na tuko tayari kutia saini tukishaelewana kuhusu kifungu cha 14. Tunaomba utueleze kitakavyofanya kazi katika hali hizi tatu. Kwanza, turubai la lori letu limechanika, unga umelowa. Pili, magunia yamepungua lakini upungufu ulitokea ghalani kwenu, kabla lori halijafungwa sili. Tatu, barabara imefungwa na mamlaka, mzigo umechelewa, na ninyi mmeingia gharama ya kutafuta chakula kwingine. Hali ya kwanza tunakubali ni yetu. Je, ya pili na ya tatu pia mnakusudia tuzilipe? Kama sivyo, tunapendekeza baada ya neno ‘zozote’ yaongezwe maneno: ‘kwa kiasi zilivyosababishwa na uzembe au uvunjaji wa mkataba wa Msafirishaji au wafanyakazi wake’, na dhima kwa mzigo isizidi thamani iliyoandikwa kwenye hati ya mzigo wa safari husika. Tungeomba jibu kabla ya Jumatano, kwa sababu kampuni yetu ya bima inahitaji maneno ya mwisho.”

Angalia tulivyoikubali hali ya kwanza bila kuvutana. Hilo liliwekwa makusudi. Afisa anayeona umekubali kosa lako mwenyewe anaweza kukutetea mbele ya wakubwa wake. Na hali ya tatu haikuwa ya kubuni. Mei 2023 daraja la Katonga kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka lilifungwa baada ya maji kuliharibu, magari yakazungushwa kupitia Sembabule. Yeyote anayepeleka mizigo magharibi mwa Uganda anakumbuka siku zile, kwa hiyo afisa hakuweza kusema jambo hilo haliwezekani.

Jibu la kwanza lilikuja kwa simu. Afisa alikuwa Mtanzania, mtu muungwana, akazungumza na Hajati kwa heshima zote. “Mama, usiwe na hofu. Kifungu hicho kipo tu, hatujawahi kumdai msafirishaji kwa kosa la ghala letu.”

Hajati alifurahi. Alinipigia kusema mambo yameisha, nami nikamwomba afungue kifungu cha 22. Kilisema kwamba mkataba huo ndio makubaliano yote kati ya pande mbili, na unafuta mazungumzo, barua na ahadi zote zilizotangulia. Kifungu cha namna hii kimo karibu katika kila mkataba wa mashirika, kwa kawaida nyuma kabisa, mahali ambapo msomaji ameshachoka. Maana yake ni kwamba siku ya saini, ile simu inafutika. Hata jibu la barua pepe, kama lilitangulia saini na halikuingizwa mkatabani, linafutika au linabaki dhaifu sana. Sheria ya Ushahidi ya Uganda nayo inaelekea huko huko: makubaliano yakishawekwa kwenye maandishi, ushahidi wa maneno ya mdomo wa kuyapinga au kuyabadilisha hauruhusiwi ila kwa sababu chache.

Kuna na suala la mamlaka. Afisa mikataba huandaa na kujadili, lakini anayetia saini ni mwingine. Neno la afisa ni la kweli kwake, ila halilifungi shirika. Akihamishwa mwezi ujao, atakayekalia kiti chake atasoma kifungu cha 14 kama kilivyo.

Kwa hiyo tulimjibu kwa upole, jioni ile ile: “Asante kwa maelezo yako kwenye simu. Tumeelewa kwamba Shirika halikusudii kumtoza Msafirishaji kwa hasara inayotokea ghalani kabla ya sili. Kwa kuwa kifungu cha 22 kinafuta maelezo ya kabla ya saini, tunaomba maana hiyo iandikwe ndani ya kifungu cha 14 chenyewe, na anayetia saini aione.” Hapo hatukumwambia kwamba hatumwamini. Tulimwomba aandike alichokwisha kusema, na ni vigumu kwa mtu kukataa maneno yake mwenyewe.

Baada ya siku chache walirudisha rasimu mpya. Maneno ya uzembe yaliingia. Kikomo cha mzigo kiliingia, kwa thamani ya hati ya safari husika, isipokuwa wizi au uharibifu wa makusudi uliofanywa na watu wa Hajati, na madai ya kifo au majeraha. Sikuona sababu ya kulipinga hilo, maana ni wachache watakaokubali kuwekewa kikomo katika mambo hayo. Kuhusu barabara kufungwa walikubali nusu: msafirishaji hatalipa gharama za ucheleweshaji kama atatoa taarifa kwa maandishi ndani ya saa 24. Hajati akapandisha bima yake hadi shilingi milioni 60, na nyongeza ya ada ya bima tukaiingiza kwenye bei ya kila safari.

Mlango huu haubaki wazi namna hii ukifanya kazi na serikali. Kwenye zabuni za umma chini ya sheria ya ununuzi ya mwaka 2003, rasimu ya mkataba huja pamoja na nyaraka za zabuni, na wakati wa kuuliza ni kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha. Jibu husambazwa kwa wazabuni wote. Ukisubiri hadi ushinde ndipo uulize kuhusu fidia, utaambiwa masharti yaliyoshindaniwa hayabadilishwi, na wana haki, kwa sababu wenzako waliweka bei zao wakijua masharti yale yale.

Tukarudi kwenye rasimu mpya, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Kifungu cha 14 kilikuwa kimerekebishwa vizuri. Lakini nyuma kulikuwa na Kiambatisho B, masharti ya jumla ya shirika, na ibara yake ya 9 ilikuwa bado ina maneno ya zamani yote: zozote, kwa namna yoyote, bila kikomo. Kifungu cha 3 nacho kilisema kwamba nyaraka zikipingana, masharti ya jumla ndiyo yatakayotawala. Yaani marekebisho yote ya wiki nzima yangeshindwa na ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Sidhani kulikuwa na hila. Viambatisho huchukuliwa kwenye faili la zamani na kubandikwa tu.

Tulimwandikia afisa mistari miwili, tukataja ibara na kifungu kwa namba, tukaomba kifungu cha 3 kiongezwe maneno kwamba kifungu cha 14 kinatangulia ibara ya 9 ya Kiambatisho B. Alibadilisha siku hiyo hiyo. Hajati alichapisha nakala ya mwisho, tukailinganisha na rasimu tuliyokubaliana ukurasa kwa ukurasa, viambatisho vikiwemo, akaweka herufi za jina lake chini ya kila ukurasa, kisha akatia saini.