Mtu anayeelea wa Ibn Sina: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mfano wenyewe ni mfupi, haujazi hata ukurasa. Mwanafalsafa Ibn Sina (980–1037) aliuweka mwishoni mwa sura ya kwanza ya kitabu cha Nafsi, ambacho ni sehemu ya mkusanyo wake mkubwa uitwao Shifaa. Aliurudia karibu na mwisho wa kitabu hichohicho, na tena katika Ishara na Tanbihi, kitabu cha miaka yake ya mwisho. Anamtaka msomaji ajifikirie ameumbwa ghafla, mkamilifu, macho yamezibwa asione kitu cha nje, anashuka katika hewa isiyomgusa au katika utupu, viungo vyake vimeachanishwa visikutane wala kugusana. Kisha anamuuliza: mtu huyo atakiri kwamba yupo? Jibu la Ibn Sina ni kwamba atakiri bila shaka, na atakiri bila kukiri mkono, moyo, ubongo, wala urefu, upana au kina cha chochote.

Mfano ukiwa mfupi kiasi hicho, kila msimuliaji huongeza lake. Haya ndiyo makosa yanayojirudia zaidi.

Dhana: Ni kama kulala gizani au kuelea kwenye maji ya chumvi, ukisahau mwili.

Hata neno "kuelea" si lake. Kitenzi cha Kiarabu alichotumia katika kitabu cha Nafsi ni cha kuanguka, kuporomoka kutoka juu. Jina la mtu anayeelea, au anayeruka, ni la wasomi waliokuja baadaye, naye hakuupa mfano wake jina lolote. Lakini kosa kubwa liko kwingine, kwa sababu kila sharti aliloweka lina kazi yake na anayelala gizani hana hata moja lililo kamili.

Tuanze na kuumbwa ghafla. Ukifumba macho chumbani unabaki na kumbukumbu zako zote: unajua una miguu kwa sababu jana ulitembea. Mtu wa Ibn Sina hana jana. Hajawahi kuona mkono wala kujikwaa, kwa hiyo hawezi kuujua mwili kwa kukumbuka. Ameumbwa mkamilifu, kwa sababu lazima awe na akili timamu ya kujibu swali, na mtoto mchanga asingefaa. Viungo vimeachanishwa kwa sababu kidole kikigusa paja, tayari hisi ya kugusa imeleta habari ya mwili. Hewa haimpingi, la sivyo ngozi ingeupata upepo na habari hiyohiyo ingeingia kwa mlango mwingine.

Ndiyo maana jaribio hili halifanywi kwa mwili. Anayelifanya kwa kulala kitandani atasikia pumzi na mapigo ya moyo, kisha atasema "mbona nauhisi mwili wangu", na atakuwa sahihi, ila hajajibu swali aliloulizwa. Swali ni hili: ukiziba kila njia inayoleta habari za mwili, kuna kitu bado unakikiri?

Dhana: Ni "nafikiri, kwa hiyo nipo" ya Descartes, miaka 600 kabla yake.

Kufanana kupo, na kitabu cha Nafsi kilitafsiriwa Kilatini mjini Toledo katika karne ya 12, hivyo wanafalsafa wa Ulaya waliujua mfano huu mapema. Lakini njia za wawili hawa zinapishana mahali muhimu. Descartes, mwanafalsafa Mfaransa wa karne ya 17, anaanza kwa kutilia shaka kila kitu, kisha anasimama kwenye tendo: ninafikiri. Mtu wa Ibn Sina hatilii shaka kitu. Kuhusu mwili wake hana habari tu, na kukosa habari si sawa na kushuku.

Zaidi ya hapo, Ibn Sina alikwisha kuifikiria njia ya kupitia tendo na kuikataa. Katika Ishara na Tanbihi anamkabili anayesema: "Najijua kupitia tendo langu." Jibu lake lina hatua mbili. Kwanza, katika mfano huu matendo yameondolewa pia, na bado mtu anajikiri. Pili, hebu tulitazame hilo tendo. Ukisema "kuna kufikiri," bila kusema kwa nani, utafika kwenye "kuna mwenye kufikiri" na hutavuka hapo, na huyo anaweza kuwa yeyote. Ukisema "kuna kufikiri kwangu," tayari umeshamtaja "mimi" ndani ya ushahidi wako. Umejijua kabla ya tendo, au pamoja nalo, wala si kupitia kwake. Kwa maoni yetu, hatua hii ya pili ina uzito kuliko mfano wenyewe, na inasikitisha kwamba haisimuliwi.

Dhana: Mfano unathibitisha kwamba nafsi si mwili, na hoja inaishia hapo.

Hapa panahitaji utulivu. Ibn Sina anahitimisha hivi: kilichokiriwa si sawa na kisichokiriwa. Mtu amekiri dhati yake, yaani yeye mwenyewe hasa alivyo, na hajakiri mwili wake, kwa hiyo dhati yake si mwili wake.

Ukiisoma haraka, hoja hii inaanguka, na wakosoaji wamelionyesha hilo mara nyingi. Chukua mfano wa harusini. Mbele yako ameketi mwanamke aliyevaa nikabu. Shangazi yako unamjua, huyu wa nikabu humjui. Je, inafuata kwamba huyu si shangazi yako? Haifuati, maana anaweza kuvua nikabu akawa ndiye. Kujua na kutojua ni hali yako wewe mtazamaji, na hali yako haibadilishi yeye ni nani. Vivyo hivyo, huenda mtu anayeanguka anaukiri ubongo wake bila kujua kwamba anachokikiri ni ubongo.

Je, Ibn Sina, aliyeandika juzuu nzima za mantiki, hakuliona tundu hili? Wanaomtetea wanajibu kwa kurudi kwenye mantiki yake hiyohiyo. Shangazi yako na mwanamke wa nikabu unawajua kwa sifa za nje: huyu kwa sura na sauti, yule kwa vazi. Kitu kimoja kinaweza kujulikana kwa sifa mbili bila wewe kugundua ni kimoja. Lakini kitu ukikijua kwa dhati yake, huwezi kukosa kile kinachokifanya kiwe hicho. Anayeielewa pembetatu anaweza asijue kama pembetatu yoyote ipo duniani, lakini hawezi kuielewa huku akikanusha kwamba ni umbo. Kama mwili ungekuwa sehemu ya "mimi" kama umbo lilivyo sehemu ya pembetatu, mtu anayeanguka asingeweza kujikiri na kuukosa mwili.

Utetezi huu ni mzuri, ila una bei yake. Unasimama tu ukikubali kwamba kujikiri kule ni kuijua dhati yenyewe ya nafsi, si kujua tu kwamba kuna kitu. Asiyekubali hilo ana haki ya kubaki na mfano wake wa nikabu. Mjadala halisi wa leo uko hapo, na anayekwambia umekwisha, kwa upande wowote, ameruka hatua hii.

Tena Ibn Sina mwenyewe hakuuita mfano huu burhani, yaani hoja ya kuthibitisha. Anasema ni kwa njia ya kutanabahisha na kukumbusha, na unamfaa anayeweza kuiona kweli mwenyewe bila kufundishwa wala kutandikwa fimbo. Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa: "kutanabahi" na "tanbihi" zimetoka kwenye mzizi uleule aliotumia. Burhani aliiweka mbele, katika makala ya tano ya kitabu hicho: akili hupokea maana zisizogawanyika, kila mwili unagawanyika, kwa hiyo kinachopokea maana hizo hakiwezi kuwa mwili. Hoja hiyo nayo ina wapinzani wake, lakini ndiyo aliyoitwisha mzigo.

Basi mfano umewekwa mwanzoni kwa nini? Sura ya kwanza imeieleza nafsi kwa kazi yake tu, kwamba ndiyo inayoupa mwili uhai na kuuendesha. Ibn Sina anailinganisha na mwashi. Huwezi kueleza mwashi ni nani bila kutaja jengo, lakini mwashi huyohuyo, kama mtu, unaweza kumweleza bila kutaja hata tofali. Mfano wa mtu anayeanguka unatuonjesha huyo mtu aliye nyuma ya uashi.

Kwenye Kiswahili kuna mtego wa ziada. Katika maandishi ya Kiarabu, anachokikiri mtu yule kinaitwa dhati, na neno nafsi linaingia kwenye hitimisho. Sisi "nafsi" inatubebea yote mawili, ile inayoupa mwili uhai na ile ya sarufi tunayoiita nafsi ya kwanza, yaani "mimi". Ukitafsiri kote "nafsi", hoja itaonekana inajizunguka: nafsi inaijua nafsi, basi nafsi ipo. Tenganisha maneno, na mwendo wake utauona.

Dhana: Dawa ya usingizi inauvunja mfano, maana aliyelala hajitambui.

Pingamizi hili Ibn Sina alilijua kwa sura ya zama zake. Anasema aliyelala usingizini na mlevi katika ulevi wake, dhati yake haimpotei, hata kama hakuna kilichobaki katika kumbukumbu. Anatofautisha kujitambua na kutambua kwamba unajitambua: la pili huja na kuondoka, la kwanza halikatiki. Anayeamka na kusema "sikuwa na habari" anatoa ushahidi wa kumbukumbu yake tu. Udhaifu wa jibu hili ni kwamba halipimiki kirahisi. Kama kujitambua kunaweza kuwepo bila kuacha alama yoyote, haijulikani ni ushahidi gani ungeweza kulikanusha.

Dhana: Kwa hiyo nafsi ilikuwepo kabla ya mwili na haiuhitaji.

Ibn Sina aliyakataa yote mawili waziwazi. Kwake nafsi ya mtu huanza pamoja na mwili unaofaa kuipokea, na ndio mwili unaoifanya iwe nafsi ya huyu na si ya yule. Haikungoja mahali, wala haihami kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Inahitaji macho na masikio ili ipate malighafi ya elimu yake. Kwamba haifi mwili ukifa ni suala alilolijengea hoja nyingine.

Kinachodaiwa na mfano ni kidogo kuliko hicho, na amekieleza kwa mfano wa nguo. Viungo, anasema anapourudia mfano huu, kwa kweli ni kama mavazi ambayo kwa kutuambata muda mrefu tumeyahesabu kuwa sehemu yetu. Tofauti ni kwamba nguo tumezoea kuzivua na kuziweka kando, na mikono hatujazoea.