Kuchangia kwa uwiano wa kipato: maana yake katika pesa za mke na mume

Kuchangia kwa uwiano wa kipato ni utaratibu ambao mke na mume hulipia gharama za nyumba kila mmoja kulingana na anachoingiza. Wanaoutumia hawagawani bili nusu kwa nusu. Wanajumlisha vipato vyao, wanaangalia kila mmoja ameleta sehemu gani ya jumla hiyo, kisha kila mmoja anabeba sehemu hiyohiyo ya gharama. Aliyeleta asilimia 70 ya pesa iliyoingia nyumbani hubeba asilimia 70 ya matumizi.

Tuchukue nyumba moja ya kupanga Mbagala, Dar es Salaam. Ni mfano tu, lakini tarakimu zake si ngeni kwa wengi. Mume ameajiriwa na mshahara unaoingia benki ni shilingi 1,400,000. Mke anauza vitenge, faida yake kwa wastani ni 600,000 kwa mwezi. Kodi ni 300,000, chakula 500,000, ada ya mtoto ikigawanywa kwa miezi ni 200,000, umeme, maji na gesi 120,000, na dada wa kazi analipwa 80,000. Jumla ni 1,200,000.

Wakiamua kila mtu awe na akaunti yake na gharama wagawane sawa, kila mmoja anatoa 600,000. Mume anabakiwa na 800,000. Mke habakiwi na kitu, hata nauli ya kwenda kufuata mzigo Kariakoo hana. Usawa huo upo kwenye karatasi tu.

Wakiweka kila kitu kwenye akaunti ya pamoja, milioni 2 inaingia, 1,200,000 inatoka, na 800,000 inayobaki ni yao wote. Wakigawana ya mfukoni sawa, kila mmoja ana 400,000. Hapa wanahesabiwa kama mfuko mmoja, na nani ameleta ngapi halihesabiwi tena.

Kwa uwiano, mume analeta asilimia 70 ya kipato na mke asilimia 30. Mume anatoa 840,000, mke 360,000. Mume anabakiwa na 560,000, mke 240,000. Kila mmoja ametoa asilimia 60 ya alichopata na amebaki na asilimia 40. Uzito ni mmoja, ingawa shilingi si sawa. Wengi wanaoutumia hufungua akaunti ya tatu kwa ajili ya nyumba tu, kila mmoja anaingiza sehemu yake mshahara ukitoka, na akaunti zao binafsi zinabaki. Akaunti hiyo inasaidia hasa kwa kodi, kwa sababu wenye nyumba wengi wanataka ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo 1,800,000 inakuwa imejikusanya polepole badala ya kusakwa wiki ya mwisho.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu uko kwenye neno “kipato”, na hapo ndipo nimeona nyumba nyingi zikidhulumiana bila hata kukusudia.

Kwa mwenye biashara, kipato si mauzo. Mama huyu anaweza kushika milioni 3 kwa mwezi, lakini sehemu kubwa ni mtaji unaopaswa kurudi kwenye mzigo. Akihesabiwa kwa mauzo, atachangia mtaji wake mezani, na baada ya miezi michache biashara itakufa huku mumewe akishangaa pesa zinaenda wapi. Kinachohesabiwa ni faida, tena ya miezi kadhaa. Tuseme miezi sita iliyopita alipata 900,000, 400,000, 500,000, 700,000, 350,000 na 750,000. Jumla ni 3,600,000, wastani 600,000. Wastani huo ndio wanaoutumia, na kila nusu mwaka wanaupiga upya.

Kwa mwajiriwa, mtego uko kwenye makato. Kodi ya mapato, michango ya hifadhi ya jamii na marejesho ya mkopo wa elimu ya juu hukatwa mtu atake asitake, kwa hiyo ni haki kuhesabu kilichobaki baada yake. Mkopo wa hiari ni jambo jingine. Tuseme mume amekopa benki akanunua kiwanja Chanika, na makato ni 500,000 kwa mwezi. Sasa kinachoingia benki ni 900,000. Wakihesabu hicho, jumla ya vipato inakuwa 1,500,000, mume asilimia 60, mke 40. Mchango wa mke unapanda kutoka 360,000 hadi 480,000, anabakiwa na 120,000. Biashara yake haijakua hata kidogo. Ile 120,000 aliyoongeza inaziba pengo lililoachwa na kiwanja cha mume kila mwezi, na mara nyingi wala hajui.

Kama hati ya kiwanja ni ya jina la mume peke yake, jambo ni zito zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 60, inasema mali iliyo kwa jina la mmoja wa wanandoa itachukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyo kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Ndoa ikivunjika, mahakama huangalia mchango wa kila mmoja katika kupata mali, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani nazo zinatambuliwa kama mchango. Lakini kuthibitisha ni kazi. Risiti ya unga na mafuta hakuna aliyeitunza, wakati hati ya kiwanja iko kabatini. Chakula kimeliwa kikaisha, kiwanja kipo.

Kwa hiyo dawa ni moja kati ya mbili. Kama kiwanja ni cha mume, makato yake yarudishwe kwenye hesabu, mume ahesabiwe 1,400,000 kama zamani, na kiwanja akilipie kwenye ile 560,000 yake. Kama ni cha familia, marejesho yaingie kwenye gharama za pamoja na hati iandikwe majina mawili. Kuchanganya, yaani gharama iwe ya wote na mali iwe ya mmoja, mimi siuiti uwiano.

Utaratibu huu una mahali unapokoma. Mke akijifungua na biashara ikasimama, kipato chake ni sifuri, mchango wake ni sifuri, lakini na pesa yake ya mkononi pia ni sifuri, wakati analea usiku na mchana. Miezi hiyo wahamie kwenye mfuko mmoja, wakiamua mapema kiasi cha mkononi cha kila mtu. Pia wapo wanaoshika kwamba matunzo ya mke ni jukumu la mume na pesa ya mke ni yake mwenyewe, kama ilivyo katika Uislamu. Hata kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea mume wajibu wa kumpatia mkewe malazi, mavazi na chakula. Kwao, mke akichangia ni kwa hiari yake, na asilimia hazina nafasi ya kumdai.

Kabla ya kufungua ile akaunti ya nyumba, ulizeni benki mambo mawili: pesa itatolewa kwa saini ya yeyote kati yenu au ya wote wawili, na mmoja akifariki mwenzake ataruhusiwa kutoa au akaunti itafungwa mpaka msimamizi wa mirathi apatikane. Majibu yaandikwe kwenye fomu siku hiyohiyo.