Kijani tele kwenye ramani ya vigezo si ushahidi wa uwanda

Hii ni mara ya tatu wiki hii. Mtu ananitumia picha ya ramani ya rangi kutoka MT5, programu ya biashara inayojaribu mikakati kwa bei za zamani, ambapo kila seli ni jozi moja ya vigezo na rangi ni matokeo yake. Ni kijani kila upande, na chini yake ujumbe: "Mkuu, hii siyo ncha ya bahati, ni uwanda kabisa. Majirani wote wana faida. Niiweke kwenye akaunti halisi?" Nilimjibu asiiweke, akaudhika. Simlaumu, maana alifanya vilevile alivyofundishwa: ukikuta seli moja ya kijani imezungukwa na nyekundu, ikimbie, na ukikuta kijani kimeshikana eneo kubwa, kiamini. Nusu ya kwanza ya fundisho hilo ni sahihi. Nusu ya pili ndiyo inayokula hela za watu, na nimechoka kuieleza kwa vipande vipande kwenye simu.

Tuanze na ramani yake. Ni USDJPY, chati ya siku, Januari 2021 hadi Desemba 2022. Mkakati wenyewe ni wa wastani mbili zinazosogea: mfupi ukiwa juu ya mrefu unanunua, ukiwa chini unauza. Mfupi ameujaribu kutoka siku 10 hadi 30, mrefu kutoka 80 hadi 120, zote kwa hatua ya 2. Hapo zinapatikana seli 231, na karibu zote ni kijani.

Sasa kumbuka dola na yeni zilifanya nini kipindi hicho. Mwanzoni mwa Machi 2022 bei ilikuwa karibu 115. Mwezi huohuo benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba, ile ya Japani ikabaki na riba yake ya chini ya sifuri, na ilipofika Oktoba 21 bei ilikuwa imekaribia 152. Wastani wowote wa polepole ulikuwa upande wa kununua sehemu kubwa ya safari ile. Nilimwomba orodha ya oda za seli tano alizozichagua mwenyewe kutoka pembe tofauti za ramani. Zote tano zilikuwa na oda ya kununua iliyokuwa wazi katikati ya mwaka 2022, ikafungwa baada ya kilele cha Oktoba, na faida karibu yote ilitoka hapo. Tofauti ilikuwa siku chache za kuingia na siku chache za kutoka. Kwa hiyo ramani ile haikuonyesha mikakati 231 iliyokubaliana. Ilionyesha trendi moja, imepigwa picha mara 231.

Jambo linaloniudhi ni hili. Watu wanazihesabu seli kama mashahidi. Wastani wa siku 100 na wastani wa siku 102 unapozihesabu leo, bei 100 kati ya zile 102 ni zilezile. Haiwezekani mmoja upate faida kubwa na mwenzake apate hasara kubwa, labda kwa oda moja iliyopishana siku mbaya. Majirani kufanana ni hesabu tu, hata soko lisipokuwa na chochote cha kukupa. Na ukitaka ramani yako iwe laini zaidi, punguza hatua kutoka 2 hadi 1: seli zitakuwa karibu mara nne, uwanda utaonekana mpana zaidi, na hutakuwa umejifunza kitu kipya.

Ndiyo maana mimi situmii hatua ya kujumlisha kwa vigezo vya muda. Kutoka 10 hadi 12 ni ongezeko la asilimia 20, kutoka 100 hadi 102 ni asilimia 2, lakini kwenye ramani hatua hizo mbili zinachukua upana uleule. Ninazidisha, kila hatua mara 1.25 hivi: 10, 13, 16, 20, 25, 31, 39, 49, 61, 76, 95, 119, 149, 186. Ukiitazama ramani yake kwa kipimo hicho, ile safari ndefu ya kutoka 80 hadi 120 inabaki safu mbili au tatu. Uwanda uliojaza skrini nzima unageuka kibanzi kwenye ramani ya kweli, na hakuna aliyeangalia kilichopo pembeni yake.

Kuna sehemu ya pili ya kosa hilohilo, na hii hata watu wenye uzoefu huwa wanaipita haraka. Wanadhani bahati huwa inapiga seli moja, kwa hiyo eneo zima likiwa kijani haliwezi kuwa bahati. Lakini seli zote zimepimwa kwa historia moja ya bei. Kama historia hiyo ilikupendelea, imewapendelea majirani wote pamoja. Bahati hutua mtaa mzima. Kwa data ya miaka 2, kosa sanifu la uwiano wa Sharpe wa mwaka, yaani faida ya wastani ikigawanywa kwa mtikisiko wake, ni kama 0.7, kwa miaka 10 ni kama 0.3. Kosa hilo halipungui kwa kuwa una seli 231, kwa sababu seli hizo hazijitegemei. Uwanda wote wenye Sharpe ya 0.8 kwenye miaka 2 unaweza kuwa umeinuliwa na bahati kutoka sifuri, ukabaki laini na mpana vilevile.

Njia niipendayo ya kumwonyesha mtu jambo hili ni kumpa ramani za soko lisilo na siri yoyote. Chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, yachanganye mpangilio wake kama karata, kisha chora ramani upya. Mwelekeo wa jumla unabaki uleule kwa kuwa jumla haibadiliki, ila mfuatano, ambao ndio mkakati wa trendi unaoutegemea, umekufa.

```python
import numpy as np

def wastani(x, n):
    c = np.cumsum(np.insert(x, 0, 0.0))
    w = np.full(len(x), np.nan)
    w[n-1:] = (c[n:] - c[:-n]) / n
    return w

def ramani(r, fupi, ndefu):
    bei, anza = np.cumsum(r), max(ndefu)
    g = np.full((len(fupi), len(ndefu)), np.nan)
    for i, a in enumerate(fupi):
        for j, b in enumerate(ndefu):
            if a < b:
                upande = np.sign(wastani(bei, a) - wastani(bei, b))
                f = upande[anza:-1] * r[anza+1:]
                g[i, j] = f.mean() / f.std() * 252**0.5
    return g

rng = np.random.default_rng(7)
bandia = ramani(rng.permutation(r), fupi, ndefu)
```

Hapo `r` ni mabadiliko ya logi ya bei ya kufunga, `fupi` na `ndefu` ni orodha za siku za wastani unazojaribu. Angalia mstari wa `anza`: seli zote zinaanza siku moja, la sivyo wastani mfupi unapewa miezi ambayo mrefu haukuwepo, na ramani inalinganisha vipindi tofauti. Spredi sijaiweka ili msimbo usirefuke, wewe iweke.

Endesha mstari wa mwisho mara kumi na uzichore ramani zote kumi. Utaona vilima vipana, mabonde, na nyanda za kijani zilizoshikana vizuri kabisa, kwenye data isiyo na kitu. Mtu akiziona hizo kwa macho yake huwa hanitumii tena picha na neno "majirani".

Kutoka hapo kipimo kinakuja chenyewe. Kwa kila seli nazipanga Sharpe tisa kwa ukubwa, yake na za nane zinazoizunguka, nachukua ile ya katikati, kisha kwenye ramani nzima natafuta iliyo kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo namba ya ramani yangu. Nafanya hivyohivyo kwa ramani bandia 500. Kama namba yangu imepitwa na ramani bandia 100 kati ya hizo, sina uwanda, nina kilima cha kawaida cha bahati. Zikiipita 10 tu, naanza kusikiliza.

Hapa nina shaka ambayo sijaimaliza. Kuchanganya siku moja moja kunaua pia tabia ya soko kuwa na wiki tulivu na wiki zenye vurugu, kwa hiyo ramani bandia zinakuwa tulivu kuliko soko halisi na mtihani unaweza kuwa rahisi mno. Nikichanganya kwa vipande vya siku 20, vurugu inabaki, lakini pia vinabaki vipande vya trendi ninazotaka kuziua. Huwa nafanya zote mbili, na zikitofautiana sana naamini ile kali zaidi. Sina nadharia ya kuutetea uamuzi huo.

Baada ya hapo nakata data vipande na kuchora ramani moja kwa kila kipande. Kwa USDJPY vipande vyenyewe vinajitenga: kutoka mwisho wa 2012 hadi katikati ya 2015 bei ilipanda kutoka karibu 80 hadi karibu 125, kisha kutoka 2017 hadi 2020 ikazunguka kati ya 101 na 118. Mkakati wa trendi lazima uumie kwenye kipande hicho cha pili, wala siudai kijani. Ninachoangalia ni kama eneo lililokuwa bora kwenye kipande cha kwanza linabaki miongoni mwa yasiyoumia sana kwenye cha pili. Kijani kikihama kutoka pembe moja ya ramani kwenda nyingine kila kipande, ule uwanda wa ramani ya jumla ni wastani wa ncha kadhaa zilizopokezana.

Mawili ya haraka. Rangi za MT5 hujipanga kwa kiwango cha chini na cha juu cha matokeo yako, kwa hiyo kijani kilichofifia kinaweza kuwa hasara. Toa namba nje, uchore mwenyewe, sifuri ikiwa katikati ya rangi. Na kama ulitumia `Fast genetic based algorithm`, hiyo haina haki ya kuitwa ramani, maana imezurura zaidi kwenye maeneo mazuri na kuacha mabaya bila kuyapima. Tumia `Slow complete algorithm`, hata kama itakesha.

Kisha kuna kesi inayonifanya nisiitupe kila ncha. Kama kigezo ni saa ya kuingia sokoni, sitegemei uwanda. London hufungua saa tano asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na wao wakiwa kwenye saa za kiangazi hufungua saa nne. Mkakati unaotegemea ufunguzi ule unatakiwa uwe na seli moja nyembamba, na saa mbili baadaye usiwe na kitu. Mtihani wa ncha ya namna hiyo ni wa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, Waingereza wanapobadilisha saa zao: tenga data ya kiangazi na ya baridi, uone kama ncha imehama saa moja pamoja nao. Ikibaki palepale kwa saa zetu, iliyokuwa inakulipa haikuwa London.

Yule jamaa nimempa kazi ya kuchora upya kutoka 2005, hatua za kuzidisha, mfupi kutoka 10 na mrefu hadi 186. Nimemwambia pia kwamba akipata eneo linalopita mtihani, asichague seli inayong'aa. Agawe mtaji sawa kwa seli nne zilizotawanyika ndani ya eneo hilo. Upana ninaoudai ni kigezo kuweza kuongezeka mara mbili, tuseme kutoka 20 hadi 40, bila faida kupungua zaidi ya nusu. Aliniuliza kwa nini mara mbili na siyo mara tatu, nikamwambia ukweli kwamba nimelizoea tu. Jana usiku aliandika kwamba kompyuta bado inaendelea.